Maumbo ya Kitenzi cha Kiarabu Uliyo Nayo Tayari Mdomoni

Anayejifunza Kiarabu hapa Igowole, iwe katika madrasa ya jioni au peke yake nyumbani na kitabu, hufika mahali ambapo somo hubadilika ghafla. Mpaka hapo alikuwa akipokea kitenzi kimoja kimoja: kataba, aliandika, jalasa, aliketi, kasara, alivunja. Kisha anafungua ukurasa na kukuta jedwali la maumbo kumi, yote yamejengwa juu ya mizani ya fa'ala, anaambiwa ayakariri. Wengi hukariri kweli, kwa sauti na kwa bidii. Lakini wiki hiyohiyo wakikutana na neno istaqbala katika habari, hawajui waanzie wapi.

Ushauri wangu ni kuliweka jedwali pembeni kwa muda na kuanza na maneno ambayo kila anayejua Kiswahili anayatumia. Msamiati wetu una mamia ya maneno ya Kiarabu, na mengi hayakuingia kama mizizi mitupu. Yaliingia yakiwa yamekwisha kuvaa umbo la pili, la tatu, la tano, la nane au la kumi. Ukijifunza kuliona umbo ndani ya neno unalolijua, utaliona pia ndani ya neno usilolijua.

Nitaandika Kiarabu kwa herufi zetu. Irabu ndefu naiandika mara mbili, herufi ya qaf naiandika q isichanganywe na k, na alama ya ' inasimama badala ya herufi ya ain. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba namba hizi, umbo la pili mpaka la kumi, ni desturi ya wataalamu wa Ulaya. Umbo la kwanza ni mzizi wenyewe usioongezwa kitu. Ustadhi aliyesoma sarfu kwa njia ya asili hatakuambia "umbo la pili", atakuambia fa''ala. Na badala ya "umbo la kumi" atasema istaf'ala. Kwa hiyo ukitumia kitabu chenye namba huku ukifundishwa na ustadhi, andika mizani pembeni ya kila namba, la sivyo mtazungumza jambo moja kwa majina mawili bila kuelewana.

Sisi wa Mufindi tunaozungumza Kiswahili, na Kihehe au Kibena nyumbani, tumezoea kunyambua kitenzi mwishoni. Soma huwa someka, somesha, somea, na mwanzo wa neno haukuguswa. Kiarabu hufanya kazi kama hiyo, ila huingia katikati ya mzizi na mbele yake. Hurudia konsonanti, hurefusha irabu, hupachika ta au in au ista. Ndiyo maana sikio letu hupotea mwanzoni: linangoja badiliko mkiani, kumbe liko kichwani na kifuani.

Usiyasome maumbo kwa mpangilio wa namba. Anza na la pili na la tano kwa pamoja, kwa sababu la tano ni la pili lililoongezwa ta. Mzizi wa k-b-r una maana ya ukubwa. Umbo la pili hurudia konsonanti ya katikati: kabbara, alikuza au alitangaza ukubwa. Nomino ya umbo hili huanza na ta na kuwa na i ndefu kabla ya konsonanti ya mwisho, takbiir, nasi tunasema takbira: kutamka kwamba Mungu ni mkubwa. Sasa ongeza ta mbele ya kabbara upate takabbara, na kitendo kinamrudia mtendaji mwenyewe. Amejikuza, amejiona mkubwa. Hilo ndilo neno letu takabari. Mwenye kutoa takbira anaupeleka ukubwa kwa mwingine, na mwenye kutakabari anajiwekea yeye. Mzizi ni mmoja, na tofauti yote imebebwa na ta moja.

Ukishaielewa jozi hiyo, nyingine zitajitokeza zenyewe. 'Alima ni alijua, na kutoka hapo tuna elimu. 'Allama ni alimfanya mwingine ajue, yaani alifundisha, na mtendaji wake ni mu'allim, mwalimu wetu. Ta'allama ni alijifunza, na mtendaji wake ni muta'allim, tuliyemfanya mtaalamu. Wakala na wakili ni watu wanaokabidhiwa jambo. Tawakkala ni kujiweka mwenyewe chini ya udhamini wa mwingine, ndiyo kutawakali. Fikra imezaa tafakari, na fadhila imezaa tafadhali. Katika maneno haya yote ta inafanya kazi inayokaribiana na ji yetu katika jifunza au jikuza.

Umbo la pili lenyewe lina kazi zaidi ya moja, na hapa inafaa kutulia. Kazi ya kwanza ni kusababisha, kama isha yetu. Ya pili ni kukipa kitu sifa au hali: thamani ikizaa kitenzi cha umbo la pili, nomino yake ni tathmini, kukipa kitu thamani. Salama imezaa taslimu, kukabidhi kitu kikamilifu mkononi mwa mwenzako, na ndiyo maana malipo taslimu ni yale yanayofika mkononi papo hapo. Kazi ya tatu ni kuzidisha au kurudiarudia. Kasara ni alivunja, na kassara ni alivunjavunja. Kiswahili hapo hurudia neno zima na Kiarabu hurudia konsonanti moja, lakini wazo ni lilelile. Ukikutana na kitenzi kipya cha umbo la pili, jaribu maana hizi tatu moja baada ya nyingine, ukianza na kusababisha kwa kuwa ndiyo inayopatikana mara nyingi zaidi.

Jozi inayofuata ni la tatu na la sita. Umbo la tatu hurefusha irabu ya kwanza, faa'ala, na kitendo kinaelekezwa kwa mtu. Kataba ni aliandika tu. Kaataba ni alimwandikia mtu barua, alifanya naye mawasiliano ya maandishi. Nomino yake ina mizani ya mufaa'ala, na ukiitamka kwa Kiswahili utasikia m ikifuatwa na a tatu. Msaada uko hapo, ukiwa na nduguye saidia. Mjadala uko hapo pamoja na jadili, na mhadhara pamoja na hudhuria. Msafiri naye ni mtendaji wa umbo hili. Jambo la kushika ni kwamba katika umbo la tatu kuna mtendaji upande mmoja na mtendewa upande wa pili, hata kama mtendewa naye anajibu. Ukiongeza ta, tafaa'ala, pande zote mbili zinakuwa watendaji, na hapo ndipo ana yetu inapokaa: kaataba, alimwandikia; takaataba, waliandikiana.

Umbo la sita lina maana nyingine ambayo vitabu vya mwanzo huipita haraka, nayo ni kujifanya. Unaijua maradhi. Tamaarada si "waliuguzana", ni "alijifanya mgonjwa". Utajuaje ipi ni ipi? Tazama mtendaji. Akiwa ni mmoja peke yake, kutendana hakuwezekani, basi fikiria kujifanya. Wakiwa wawili au zaidi, anza na kutendana.

Umbo la kumi ndilo ninalolipenda kumfundishia mtu mzima, kwa sababu hubadilisha usomaji wake siku ileile. Ista mbele ya mzizi mara nyingi ina maana ya kuomba au kutafuta kile ambacho mzizi unakitaja. Maghufira ni msamaha, na istighfari ni kuuomba. Kheri ni jambo jema, na istihara ni kuomba uongozwe kwenye lililo jema. Saqaa ni alinywesha maji, na istiska ni sala ya kuomba mvua. Raha imezaa istaraaha, kutafuta raha, na hiyo ni starehe yetu. Hata staafu iko humu. 'Afaa ni alisamehe au aliachilia, ista'faa ni aliomba aachiliwe, na kwa Kiarabu aliyejiuzulu kazi huweza kuelezwa kwa neno hilohilo. Kuna pia maana ya kukiona kitu kuwa hivi au vile: hasan ni zuri, na istahsana ni aliliona jambo kuwa zuri. Kiswahili mara nyingi hudondosha i ya mwanzo, kwa hiyo neno lenye asili ya Kiarabu likianza na sta, shuku umbo la kumi kwanza.

La nane ndilo linalowaangusha watu. Hapa t haikai mbele ya mzizi, inapenya baada ya konsonanti ya kwanza: ifta'ala. Anayetafuta mzizi huihesabu t kama mwenyeji, kisha hapati kitu katika kamusi. Chukua jitihada. Ondoa t na zinabaki j-h-d, na mara moja unaona ni ndugu wa juhudi na wa jihadi. Hitilafu, ukiondoa t, ni kh-l-f, mzizi wa halafu, wa khalifa na wa halifu. Hitaji ni nduguye haja. Mtihani una mtego wa pili: tumezoea kuwa m ya mwanzo ni kiambishi, na Kiswahili chenyewe kimeifanya hivyo kwa kusema mitihani, lakini katika Kiarabu neno ni imtihaan na m hiyo ni konsonanti ya kwanza ya mzizi, m-h-n. Katika muhtasari, kinyume chake, mu ni kiambishi kweli na mzizi ni kh-s-r.

Maana ya umbo la nane haishikiki kwa kanuni moja. Mara nyingi mtendaji anahusika ndani ya kitendo chake: jama'a ni alikusanya, ijtama'a ni walikusanyika, na jamaa na jamii ni wa ukoo huo. Lakini vitenzi vingi vya umbo hili ninashauri uvijifunze kimoja kimoja kama maneno kamili, na kanuni uiache ikusaidie kupata mzizi tu.

Umbo la nne, af'ala, nalo husababisha, na swali la kila mwanafunzi ni tofauti yake na la pili. Mfano mzuri ni wa mzizi tulioutumia. 'Allama ni alimfundisha, kazi ya hatua kwa hatua. A'lama ni alimjulisha, jambo la mara moja likaisha. Tofauti hiyo haipo kila mahali, na ipo mizizi ambayo imechagua umbo moja na kuliacha jingine. Nomino ya la nne huanza na i na kuwa na a ndefu karibu na mwisho. Islamu, ikhlasi, ihsani na imani ni za hapa, na ishara na idara pia, ingawa mizizi yao ina konsonanti dhaifu na imesinyaa kidogo.

La saba tunaliweza kwa urahisi kwa sababu linafanana na ika yetu. Kasara, alivunja; inkasara, kilivunjika. Fataha, alifungua, infataha, ulifunguka. Aliyesikia jina la utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir amekwisha kulisikia umbo hili: kashafa ni alifunua, na inkishaaf ni kufunuka. La tisa ni la rangi na kasoro za mwili basi. Ihmarra ni kilikuwa chekundu, isfarra ni kiligeuka manjano, kama majani ya mahindi yaliyokosa mbolea. Lijue ulitambue, usilitafutie kazi nyingine.

Sasa tuchukue mzizi mmoja tuuzungushe, q-b-l, ambao dhana yake ni mbele na kuelekeana, na ambao Kiswahili kimeurithi kwa wingi. Kabla na kibla vinatoka humo. Umbo la kwanza, qabila, ni alikubali, na kubali yetu ni hiyo. Kwa kanuni ungetarajia la pili, qabbala, liwe "alimfanya akubali". Silo. Ni alibusu. La tatu linatii: qaabala ni alimkabili, alikutana naye uso kwa uso, na nomino yake muqaabala ni mkabala wetu. La nne, aqbala, si kusababisha hata kidogo, ni alikuja akielekea upande huu. La tano, taqabbala, ni alipokea kwa ridhaa, na ndilo tunalosema dua imetakabaliwa. La sita, taqaabala, ni walikabiliana, bila mshangao wowote. La kumi, istaqbala, ni alimpokea mgeni, alitoka kumlaki. Na kilichopokelewa, kilicho mbele yetu, ni mustaqbal, mustakabali. Inqabala hutaikuta, wala hakuna la tisa, kwa kuwa mzizi huu si wa rangi.

Tazama matokeo. Katika maumbo sita tuliyoyapitia kuanzia la pili, matatu yangekisiwa sawasawa au karibu sana: la tatu, la sita, na la kumi kwa anayekumbuka kutafuta na kulaki. La tano lilihitaji muktadha. La pili na la nne yangekudanganya. Mizizi mingine itakutendea vizuri zaidi na mingine vibaya zaidi, lakini ndivyo umbo linavyofanya kazi: linakupa dhana ya kwanza ya kuipeleka kwenye kamusi, na kamusi ndiyo inayoamua. Anayeandika Kiarabu kwa kubuni maumbo aliyoyapata kwa hesabu huandika maneno ambayo hakuna Mwarabu ameyasikia.

Daftari la kazi hii liwe na safu tatu. Ya kwanza andika neno la Kiswahili ulilolisikia, redioni, sokoni, msikitini au darasani. Ya pili andika konsonanti za mzizi unazozikisia. Ya tatu andika umbo na sababu ya kulichagua: konsonanti iliyorudiwa, a ndefu, ta, ista. Kabla ya kuingiza neno, hakikisha lina asili ya Kiarabu, kwa maana sura hudanganya. Tatizo na tangazo yanaanza na ta, lakini ni ya Kibantu, kutoka tatiza na tangaza. Kata yetu inafanana na qata'a ya Kiarabu kwa sauti na kwa maana, na bado ni neno la Kibantu la zamani. Njia nyepesi ya kupima ni kutafuta ndugu wenye konsonanti zilezile tatu na irabu tofauti. Thamani na tathmini wanapimana. Tatizo halina ndugu wa namna hiyo.

Maana ya Kiswahili nayo usiihamishe bila kuuliza. Ukimwambia Mwarabu tafsiir, ataelewa maelezo ya maana, hasa ya Qurani. Kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine kwake ni tarjama. Muta'allim kwake ni aliyesoma au anayesoma, si lazima awe bingwa wa fani. Stakabadhi ina sura ya umbo la kumi na ni nduguye kabidhi, lakini ukidai risiti dukani Maskati sema iisaal. Muhtasari kwake ni kitu kilichofupishwa, na hatafikiria muhtasari wa somo ambao mwalimu wa sekondari anaufuata.

Ukianza kusoma maandishi yasiyo na irabu, ugumu wa mwisho utajitokeza. Katika magazeti na vitabu vya kawaida 'alima na 'allama huandikwa kwa herufi zilezile tatu, kwa kuwa kurudia konsonanti huonyeshwa kwa alama ya shada, ambayo mara nyingi haiwekwi. Umbo la tatu litajitambulisha kwa alifu baada ya konsonanti ya kwanza, la tano na la sita kwa ta, la saba kwa alifu na nuni, la kumi kwa alifu, sini na ta. Kati ya la kwanza na la pili hesabu wanaohusika. Kama sentensi ina mtu mmoja na jambo alilolijua, ni la kwanza. Kama kuna mtu, mwanafunzi wake na kitu kinachofundishwa, ni la pili. Katika wakati uliopo hata alifu ya umbo la nne hutoweka, na ya'lamu, anajua, inafanana kwa herufi na yu'limu, anajulisha. Hapo tena ni idadi ya watendewa itakayokuongoza.

Na kwa kamusi zilizopangwa kwa mizizi, kama ile ya Hans Wehr inayoyataja maumbo kwa namba za Kirumi, jiandae kwa mizizi inayoanza na w. Katika umbo la nane w humezwa na t, na t inabaki imerudiwa. Itifaki ni ittifaaq, lakini ukiitafuta chini ya t hutaipata. Iko chini ya w-f-q, ukurasa mmoja na wafiki na mwafaka, na mwafaka wenyewe ni muwaafaqa, nomino ya umbo la tatu.